Kona ya Nyuma, Mkono wa Kulia

Mtaani kwao hakuna aliyewahi kumwona Bi Pilika amekaa. Wapo wanaodai waliwahi, lakini ukiwabana kidogo watakiri kwamba alikuwa ameinama akifunga kiatu. Jina hilo alibandikwa na wifi yake mwaka ule ule alioolewa, kwa sababu ya pilikapilika zake, na jina ulilopewa na wifi halitoki hata ukilisugua kwa majivu. Alikula amesimama. Alisali haraka. Mgeni akiketi, yeye alisimama kumletea maji, akarudi jikoni kwa ajili ya kijiko, akakumbuka sahani, na mgeni aliaga akiwa hajawahi kuuona uso wake kwa dakika mbili mfululizo.

Kazi yake ilikuwa keki. Kwa miaka mingi alipika kwenye jiko la shule, na alipostaafu akaendelea nyumbani, maana kupumzika kulimpa homa. Keki za siku za kuzaliwa, keki za kuhitimu, na zaidi ya zote keki za harusi. Ukihesabu ndoa za mtaa ule, hata zile zilizovunjika, nyingi zilianza kwa kisu kukata keki ya Bi Pilika. Hilo alilijua, na ingawa hakujisifu kwa mdomo, ungeliona katika namna alivyokuwa akipita mbele ya nyumba za watu.

Sasa, siri ya keki zile haikuwa unga wala siagi. Ilikuwa oveni yake ya zamani, dude la gesi lenye umri wa mtu mzima, ambalo mlango wake ulifungwa kwa kipande cha kanga na namba zake zilikuwa zimefutika zote. Moto wake ulipanda upande mmoja tu, joto likivuja mlangoni. Mtu mwingine angelitupa. Yeye alilizoea kama mtu anavyomzoea mume mwenye hasira. Keki aliiweka kwenye wavu wa juu, akaisukuma hadi nyuma kabisa, kisha akafungua mlango kila baada ya muda mfupi kuizungusha, kuichungulia, kuigusa. Pilikapilika zake zote zilipata kazi pale. Oveni haikutulia, mpishi hakutulia, na keki ikatoka imenyooka.

Kisha watoto wake wakamfanyia wema. Walichanga wote, na siku moja gari likasimama mlangoni na kushusha oveni mpya ya umeme, nyeupe, yenye mlango wa kioo na taa ndani, ya kwanza ya namna hiyo mtaani. Ile ya zamani walimpa muuza vyuma siku hiyo hiyo, kabla mama yao hajapata nafasi ya kufungua mdomo. Bi Pilika alishukuru, akalia kidogo, akaifuta oveni mpya ingawa haikuwa na vumbi.

Keki ya kwanza ilitoka imeinama. Upande wa nyuma ulikuwa mweusi na mfupi, upande wa mbele umenyanyuka na kufura, juu kumepasuka, na alipochoma kijiti katikati kilitoka na uji. Alisema ni mayai, yalikuwa ya baridi. Ya pili ikainama vilevile, akasema ni unga, siku hizi wanachanganya. Ya tatu akamlaumu mumewe kwamba alipita jikoni kwa kishindo. Mumewe ni fundi saa, mtu mwembamba anayetembea taratibu hivi kwamba paka hawamsikii, lakini aliomba radhi, kwa sababu ndoa ya miaka mingi ilikuwa imemfundisha kuomba radhi kwanza na kuuliza kosa baadaye.

Kila keki ilipoinama, alikata pale palipoungua, akajaza pengo kwa krimu ya sukari, akalainisha kwa kisu mpaka jicho lisione. Wateja walikula wakanyamaza. Ila mtoto mmoja katika sherehe ya kuzaliwa kwake aliuliza kwa sauti kwa nini kipande chake ni krimu tupu, na habari hiyo ilifika kwa Bi Pilika kabla hata sherehe haijaisha.

Hapo ndipo mambo yalipokaa vibaya, maana kitinda mimba wake, binti pekee, aliyekuwa akiitwa Kitinda na kila mtu, alikuwa anaolewa mwezi ule.

Kitinda alikuja Jumapili moja jioni. Alimkuta mama yake akikuna masizi kwenye chombo cha kuokea. Alizungumza na mgongo wake, kwa upole, akichagua maneno. Alisema amepita kwenye duka la keki mjini, wana keki nzuri, na wanaweza kuileta hadi ukumbini. Kwa nini mama asipumzike safari hii? Kisugulio kilisimama. Bi Pilika hakugeuka. Aliuliza kama tayari amelipa. Kitinda akasema bado, duka linataka jibu kabla ya Jumatano jioni.

"Basi ngoja hadi Jumatano," mama akasema. "Jumatano jioni utakuja hapa. Ukikuta keki iliyonyooka, naoka mimi. Ukikuta imeinama, piga simu dukani, na mimi sitasema neno."

Kitinda alifungua mdomo kama mwenye jambo jingine la kusema, lakini mama alikwisha kuanza kusugua tena, kwa nguvu. Akaaga, akaondoka.

Nisiwafiche, ilimuuma. Watu baki wote wamekula keki yake, halafu binti aliyemzaa akate keki iliyotoka kwenye boksi la duka? Wifi yake, anayekaa nyumba ya pili, alipopata habari alisema neno moja tu kupitia dirishani: "Kinyozi hajinyoi, wifi." Kisha akacheka kicheko chake kile cha puani. Bi Pilika alifunga dirisha.

Hakulala vizuri, na kulipokucha alikwenda madukani na kurudi na kipimajoto cha oveni, kile cha duara chenye mshale, kilicho na mguu wa kusimama na kulabu ya kuning'inizia. Alikuwa amesikia kwamba namba zilizoandikwa kwenye swichi ya oveni si lazima ziwe kweli. Mpaka hapo alikuwa sawa. Kosa lake lilikuwa mahali alipokiweka. Hakutaka kile kidude kimpunguzie nafasi ya keki, kwa hiyo akakining'iniza kwenye wavu wa juu, akakisukuma hadi kona ya nyuma, mkono wa kulia, pale pale alipozoea kusukuma keki zake. Akazungusha swichi hadi mia na themanini, akasubiri oveni ipate moto, kwa maana ya kusubiri kwa Bi Pilika, yaani kufua mataulo mawili na kufagia ukumbi. Aliporudi, mshale ulikuwa umefika mia mbili na kumi.

Alifurahi kama aliyemkamata mwizi. Kumbe oveni ndiyo yenye makosa, inachoma kuliko inavyosema! Alimwita fundi saa aje aone, naye akaja, akaona, akakubali. Bi Pilika akashusha swichi hadi mia na hamsini, mshale ukateremka hadi karibu na mia na themanini, akatia keki kwenye wavu ule ule wa juu.

Alifungua mlango mara ngapi, Mungu ndiye ajuaye. Kila alipopita alifungua. Keki ikainuka, ikasita, ikazama katikati kama godoro la zamani. Kona ya nyuma iliungua vilevile, na pembeni mwa shimo mlikuwa na unga mbichi. Alirudia, na swichi akaishusha tena. Ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Jumatatu ikapita hivyo, na mayai yote ya nyumba ile yakapita nayo.

Wifi alikuja kuazima chumvi, au ndivyo alivyosema. Wifi huyu alikuwa muuguzi aliyestaafu, na sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi alitunza friji la chanjo kwenye kituo cha afya. Aliwahi kumfukuza daktari chumbani kwa kosa la kufungua friji hilo na kusimama akiwaza. Aliitazama keki iliyozama mezani, akainama akatazama ndani ya oveni, akakiona kipimajoto kule konani.

"Nani kakipeleka kule?" akauliza.

Bi Pilika akajibu kwamba ni yeye, na kwamba kipimajoto kinapima joto, hakipimi mahali.

"Wifi, kipimajoto hakidanganyi," wifi akasema. "Lakini kinasema habari za pale kilipo tu. Mimi changu nilikiweka katikati ya friji, kwenye chanjo zenyewe. Ningekibandika ukutani karibu na barafu ningemwaga dawa nzima za watoto kila siku. Wewe keki yako inaiva wapi, konani?"

Lilikuwa neno la haki, na neno la haki likitoka kwa wifi linamezeka vibaya. Bi Pilika alimpa chumvi, tena zaidi ya aliyoomba, ili asipate sababu ya kurudi. Wifi alipoondoka, Bi Pilika alisema mbele ya keki kwamba friji na oveni ni mbingu na ardhi, na mtu wa sindano anajua nini kuhusu siagi. Keki haikumjibu. Kipimajoto alikiacha konani.

Jumanne asubuhi alitoka kutafuta mayai mengine. Fundi saa alibaki peke yake nyumbani, mezani kwake kando ya dirisha la mbele, na ilipofika saa nne akahisi hamu ya chai na mkate wa kubanika. Kibaniko cha mkate kilikuwa kimekufa tangu mwaka jana. Kila mtu alimwuliza kwa nini hakitengenezi, na yeye alijibu kila mtu kwamba hana utaalamu wa vitu vikubwa. Basi akaiwasha oveni, akapanga slesi za mkate kwenye wavu wa juu, moja baada ya nyingine, kwa unadhifu wa fundi saa, ukingo kwa ukingo mpaka wavu ukajaa. Kisha akarudi kwenye saa ya mkononi aliyokuwa ameifungua, na saa ikifunguliwa mbele yake dunia inaweza kuungua.

Bi Pilika alisikia harufu tangu kwenye geti. Aliingia mbio, akaweka mayai chini, akafungua oveni, na maneno yalikuwa yamekwisha kujipanga mdomoni mwake, mengi na makali. Yalikwama hapo hapo.

Slesi mbili za kona ya nyuma, mkono wa kulia, zilikuwa mkaa. Jirani zake zilikuwa kahawia iliyokolea. Za katikati zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Na zile za mbele, hasa mkono wa kushoto, zilikuwa nyeupe vilevile kama zilivyotoka kwenye mfuko. Mkate mmoja, moto mmoja, muda mmoja.

Fundi saa alikuwa amefika mlangoni, tayari kuomba radhi.

"Mume wangu," alimwambia, na kwa sauti ile ya upole mzee wa watu akashtuka zaidi kuliko angekaripiwa, "nenda kaninunulie mikate mingine. Ya slesi. Miwili, hapana, mitatu."

Alizitoa tosti zile moja moja na kuzipanga mezani kama zilivyokuwa zimekaa ndani, ukingo wa meza ukiwa ndio mlango. Alizitazama. Kila keki iliyoinama ilikuwa pale, imeandikwa kwa mkate. Upande wa nyuma ulishikana mapema kwa ukali wa moto, ukakauka ukiwa bado mfupi. Upande wa mbele ulibaki laini, ukaendelea kufura kwa nafasi yake. Basi keki ingeachaje kuinama? Na yeye, kwa mazoea ya oveni iliyokwenda na muuza vyuma, ndiye aliyekuwa akizisukuma huko nyuma kwa mkono wake mwenyewe.

Mikate ilipofika alianza upya. Aliacha oveni ipoe, akahamisha wavu hadi katikati, akaiwasha na kuiacha ipate moto sawasawa, akapanga slesi, akafunga, akasubiri. Zilitoka zikiwa karibu sawa zote, isipokuwa ile kona sugu ambayo ilikolea kidogo. Wavu wa chini ukatoa hadithi nyingine: slesi ziliungua tumboni, karibu na koili ya chini inayotoa moto, huku migongo yake ikiwa haijabadilika hata rangi. Kufika saa sita meza ilikuwa imejaa tosti za kila namna. Fundi saa alizila na chai mchana, akazila jioni, na aliendelea kuzila siku zilizofuata bila kulalamika, ila alisema kwa unyenyekevu kwamba zile za wavu wa katikati zina ladha zaidi.

Kikabaki kipimajoto. Bi Pilika alikitoa konani, akakisimamisha kwa mguu wake katikati ya wavu wa katikati, pale ambapo keki ingekaa. Swichi kwenye mia na themanini. Akapiga moyo konde, akaenda kugonga nyumba ya pili.

Mgala muue na haki umpe. Alimwambia wifi yake kwamba alisema kweli, na wifi, aliyekuwa ameandaa masimango ya wiki nzima, alikosa pa kuyaweka. Alikuja na stuli yake mwenyewe kutoka kwake, akaiweka mbele ya oveni, akawasha taa ya ndani, akaketi. Bi Pilika alipopeleka mkono mlangoni ili asome vizuri, alipigwa kofi dogo la vidole.

"Soma kupitia kioo," wifi akasema. "Ukifungua, unapima hewa ya jikoni."

Mshale ulipanda, ukapita, ukashuka, ukapanda tena. Bi Pilika alitaka kuchukua namba ya kwanza iliyotokea na kwenda zake, lakini wifi alimweleza kwamba oveni hujiwasha na kujizima yenyewe ikitafuta joto lake, hivyo usomaji mmoja hautoshi. Sharti utazame mara kadhaa, uchukue ya katikati. Walitazama. Kwa Bi Pilika yalikuwa mateso. Alihama mguu huu hadi mguu ule, akakunja kitambaa, akakikunjua. Mwisho ilidhihirika kwamba mshale unacheza karibu na mia na sitini na tano. Swichi inasema mia na themanini, kona inasema mia mbili na kumi, na katikati, mahali pa keki, pamepungukiwa.

Kumbe siku zote hizo alikuwa akipunguza moto ambao keki ilikuwa ikiulilia. Alicheka mpaka akashika meza, na ndani ya kicheko kile mlikuwa na hasira nyingi, nyingine kwake mwenyewe. Walipandisha swichi hadi karibu na mia na tisini na tano, wakangoja, na mshale ukatulia pale ulipotakiwa.

"Sasa limebaki tatizo moja," wifi akasema akiinuka. "Tatizo lenyewe ni wewe. Mlango usiufungue mpaka keki isimame. Stuli nakuachia."

Jumatano alasiri Bi Pilika alichanganya keki. Wavu wa katikati. Chombo kimoja tu, mbele kidogo na kushoto kidogo ya katikati, kikimkimbia yule adui wa konani lakini kikiacha nafasi ya hewa kuzunguka pande zote. Alifunga mlango. Kisha akafanya jambo ambalo mtaa mzima ungelipa kiingilio kuliona. Akaketi kwenye stuli.

Hakujua mikono huwekwa wapi. Aliiweka magotini ikamwona mgeni. Sinki lilikuwa na vyombo, lakini alijijua: akisimama kwa ajili ya vyombo, atapita mbele ya oveni, na akipita atafungua. Kwa hiyo akabaki. Alitazama kioo. Rojo lilianza kutetemeka pembeni, likajivuta juu polepole, na yeye, mwenye keki zisizo na idadi, akagundua kwamba hajawahi hata mara moja kuitazama keki ikiinuka. Siku zote aliikuta imeinuka au imeanguka.

Hivyo ndivyo Kitinda alivyomkuta. Alisimama mlangoni na pochi yake begani, simu mkononi, akamtazama mama yake kama mtu aliyekosea nyumba.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Usiguse mlango wa oveni. Na ukitaka kusema na mimi njoo hapa, kwa sababu sisimami."

Kitinda aligeuza ndoo, akaketi kando yake. Kwa muda walitazama kioo wote wawili, magoti yao yakigusana. Bi Pilika alingoja aulizwe kuhusu keki. Hakuulizwa.

"Mama, si kwamba nilitaka keki ya dukani kwa sababu zako zinainama," Kitinda alisema. "Ningekula hata iliyosimama wima kwa krimu tupu. Nilitazama picha za harusi za kaka zangu. Zote. Baba yupo, shangazi yupo, majirani wapo. Wewe upo kwenye moja tu, tena mgongo, umebeba trei unaelekea jikoni. Nikasema, keki ikitoka dukani hatakuwa na sababu ya kukimbilia jikoni. Nilitaka nikigeuka nikuone umekaa."

Bi Pilika alisikia joto limempanda usoni, na halikuwa la oveni. Miguu ilitaka kusimama. Mikono ilitafuta kitambaa, kijiko, chochote. Maisha yake yote, neno zito lilipokuja, alikuwa na pa kukimbilia: sufuria linaloungua, mgeni asiye na maji. Sasa keki ilikuwa bado haijasimama, na mlango haufunguliwi, na yeye hana pa kwenda.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Nilikuambia mara nyingi. Nilikuwa nauambia mgongo wako."

Hakujitetea. Lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli, na alilipokea akiwa amekaa. Aliushika mkono wa binti yake, akauweka pajani mwake, na akaona kwamba hapo ndipo mikono huwekwa. Ndani ya kioo keki ilifika ukingoni mwa chombo na kusimama, juu yake ikiacha kung'aa. Muda ulipokuwa umekwenda zaidi ya nusu ya safari na keki imeshikana, Bi Pilika alifungua mlango mara moja, akazungusha chombo nyuma ikaja mbele, akafunga, na akarudi kwenye stuli. Alirudi mwenyewe, bila kuambiwa.

Ilitoka na rangi moja kuanzia ukingo hadi ukingo. Kijiti kilitoka safi. Fundi saa aliitwa, akaja na rula yake ya chuma, akailaza juu ya keki, akainama akachungulia chini yake kwa jicho lile la kazi, akasema kwamba hata saa nyingine za ukutani hazikunyooka hivyo. Kitinda alitoka uani kupiga simu dukani. Mama yake alimsikia akisema asante, hapana, tumepata.

Walipatana hivi: keki ataoka mama, ya ghorofa tatu, vyombo vyote vitatu, na itakuwa imekwisha kupambwa Ijumaa kabla jua halijatua, na Jumamosi, siku ya harusi, hatatia mguu jikoni, hata paa likidondoka. Alitimiza. Alioka kimoja kimoja, kila kimoja kwa rojo lake jipya, maana rojo likikaa likingoja, nguvu ya kuumuka hupotea. Kile kikubwa alikipunguzia moto kidogo na kukiongezea muda, ili katikati pasibaki nyuma ya pembeni. Na mbele ya kila kimoja aliketi. Kwa kile cha tatu alikuwa ameanza kuzoea, au alijidanganya hivyo.

Siku ya harusi jiko la ukumbi lilikuwa chini ya wifi, na wahudumu walisema baadaye kwamba hawajawahi kuogopa kufungua friji kama siku ile. Bi Pilika alikuwa kiti cha mbele, kando ya fundi saa, katika gauni lisilo na mifuko ya kuwekea vitambaa. Goti lake lilitikisika mpaka meza ikatikisika nalo. Mara mbili alinyanyuka nusu, alipoona sahani zimechelewa upande wa kushoto, na mara zote mbili alikutana na macho ya wifi yaliyomkodolea kutoka mlango wa jikoni, akakaa.

Kisha wakaitwa maharusi kukata keki. Kitinda alishika kisu, mkono wa mumewe juu ya wake, mpiga picha akapiga goti. Watu walikuwa wanaitazama keki, jinsi ilivyosimama, na wengine walinong'ona kwamba imenyooka kweli. Yeye hakuitazama. Kabla ya kukata aligeuka, akatafuta kwa macho kwenye viti vya mbele, na hakutafuta mbali.